Hiyo apu inayosevu chati zako zote, inazisevu wapi?

Jumamosi mchana, Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, duka la vitenge la shemeji yangu. Mteja wa Songea aliagiza mzigo, umefika stendi, kaukagua anasema rangi siyo aliyoagiza na hela iliyobaki halipi. Shemeji anafungua chati amtumie ile oda yake mwenyewe, anakuta pameandikwa "This message was deleted". Jamaa kafuta. Na WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo, sasa basi la Songea na siku mbili unaona mwenyewe hapo hesabu imekaaje.

Shemeji kashika kichwa. Dogo wa kaunta wala hana presha, anageuza skrini ya kompyuta: "Bosi usijali, mi nina kitu kinasevu kila chati."

Kweli bana. Ni ekstensheni, kiprogramu cha kuongezea kwenye brauza ya Chrome, alama ya kijani kule kona ya juu, unabonyeza inakuja orodha ya meseji zote mpaka zilizofutwa, na oda ya Songea ilikuwepo neno kwa neno mpaka namba ya rangi. Duka zima likashangilia, shemeji akamnunulia dogo soda.

Mi nikamuuliza kitu kimoja tu. "Hizi chati, ukiwa nyumbani kwenye laptopu yako, unaziona?"

"Naziona kaka, naingia na jimeili yangu tu, zote zipo."

Hilo jibu ndo lilinikaa kichwani wiki kadhaa.

## Kwa nini hilo jibu

Ekstensheni haina sehemu nyingi za kuweka vitu. Ya kwanza ni ndani ya brauza yenyewe, kwenye kompyuta hiyohiyo, na ukiiondoa ekstensheni zile data zake ilizojiwekea zinafutika nayo. Ya pili ni ile nafasi ya Chrome inayokufuata ukiingia na akaunti yako kwenye kompyuta nyingine, lakini hiyo ni ndogo mno, kilobaiti 100 hivi kwa ekstensheni nzima, picha moja tu ya kitenge inaijaza ikabaki kumwagika. Ya tatu ni Drive yako mwenyewe, ila hapo lazima ikuombe ruhusa ya kuingia Drive na dogo anasema haikumwomba.

Inabaki ya nne. Seva ya mwenye ekstensheni.

Kwa hiyo kama chati za miezi na picha zake zinakufuata mpaka Mbagala, ujue zilikuwa zimeshasafiri kwenda kwa mtu. Huhitaji kuwa fundi kulijua hili, jiulize tu zinaonekana kwenye kompyuta ya pili au hazionekani.

## "Lakini si WhatsApp imefungwa kaka?"

Dogo aliniuliza hivyo, na ni swali la maana sana, maana ule ujumbe wa kwamba meseji zimefungwa mwanzo mpaka mwisho tunauona kila siku juu ya chati.

Ni kweli zimefungwa. Njiani. Meseji inafungwa kwenye simu ya mteja Songea, inafunguliwa kwenye kifaa chako, katikati hapo hata WhatsApp wenyewe hawaisomi. Ila ili wewe uisome lazima iwe imefunguliwa, na kwenye kompyuta inafunguliwa ndani ya brauza, palepale ekstensheni ilipokaa. Ni kama yule jirani kwenye daladala la Gongo la Mboto anayesoma simu yako begani, kufuli lako lipo zima kabisa na yeye anasoma vizuri tu.

Nikaandika `chrome://extensions` pale juu, nikabonyeza Details. Wengi hatufikagi hapa. Kwenye ruhusa palikuwa na sentensi hii:

"Read and change all your data on all websites"

Ingekuwa imeomba web.whatsapp.com peke yake ningeelewa, maana kazi yake ipo huko. Hii imeomba kusoma na kubadilisha kila tovuti, na kompyuta ile ndo shemeji anafungulia akaunti ya benki ya duka. Ukifungua faili lake la manifest.json unakuta ombi lenyewe limeandikwa hivi:

```json
"host_permissions": ["<all_urls>"]
```

Mstari mmoja tu huo.

Afu watu tunaishia kwenye neno kusoma, tunaruka kubadilisha. Ekstensheni yenye ruhusa hiyo inaweza kubadili maandishi kwenye ukurasa kabla macho yako hayajayaona. Msambazaji anakutumia namba ya kulipia, wewe kwenye skrini unaona namba nyingine, unalipa, na kwenye simu yake yeye meseji iko sahihi kabisa. Sisemi ya dogo ilifanya hivyo, sikuona dalili. Nasema ilipewa uwezo huo siku ileile aliyobonyeza kukubali, na kukubali alibonyeza akiwa anamhudumia mteja.

## Nikaamua kuiangalia inachofanya

Hapa nitaeleza kidogo maana kuna mtego.

Ukibonyeza F12 kwenye WhatsApp Web, ukaenda kwenye Network, unaona kinachotoka na kuingia kwenye ule ukurasa. Nilijitumia meseji, nikaangalia, kuko kweupe, ni WhatsApp tu. Mtu anaweza kuishia hapo akasema iko safi.

Siyo. Ekstensheni ina chumba chake cha nyuma, kinaitwa service worker, na kinachotoka kupitia kule hakionekani kwenye F12 ya ukurasa. Inabidi urudi `chrome://extensions`, uwashe Developer mode, kwenye ile ekstensheni utaona maneno "Inspect views" na pembeni yake "service worker", bonyeza hapo linafunguka dirisha lake lenyewe lenye Network yake. Nikajitumia tena meseji. Sekunde chache, hiyo inatoka, inaenda anwani ambayo haina uhusiano wowote na WhatsApp, na ndani yake:

```json
{"chat":"Mimi","from":"2557XXXXXXXX","text":"mtihani mtihani"}
```

Namba na maandishi, kama yalivyo. Njiani inalindwa na https kama tovuti yoyote, ila ikifika kule mwenye seva anaisoma kama anavyosoma gazeti.

Na hata kama nisingeona kitu, nisingelala usingizi. Ekstensheni inaweza kukusanya ikatuma usiku, au ikangoja siku kadhaa baada ya kuwekwa ndo ianze. Ukiona inatuma umepata jibu, usipoona hujapata jibu lolote.

Shemeji akasema, sawa, inatuma kwao, na wao si ndo wanatutunzia? Kwenye maelezo yao wameandika hawauzi data za mtu.

Kiukweli hapo nilikwama. Maana inawezekana kabisa ni mtu mwaminifu, kijana mmoja mahali fulani katengeneza kitu kizuri, mi nani nimwite mwizi?

## Mwaminifu wa leo, na kesho je

Kilichonitoa pale ni kujua kwamba ekstensheni uliyoweka siyo utakayokuwa nayo mwezi ujao. Chrome inazifanyia apdeti yenyewe kimyakimya. Ikiongeza ombi la ruhusa kubwa zaidi ndo inasimamishwa mpaka ukubali, lakini kama ilishaomba tovuti zote tangu mwanzo, kuna kitu gani zaidi cha kuomba? Kodi mpya ya programu inaingia na wewe unauza vitenge.

Kulikuwa na ekstensheni inaitwa The Great Suspender, kazi yake ilikuwa kulaza kurasa zisizotumika ili kompyuta isichoke, watu zaidi ya milioni mbili walikuwa nayo, na kodi yake iko wazi kila mtu anaiona. Mwaka 2020 aliyeitengeneza akaiuza kwa mtu asiyejulikana. Februari 2021 Google wakaizima kwenye kompyuta za watu kwa kuwa ilikuwa na kodi hatari. Wale watu hawakukosea kuchagua, walichagua kitu kizuri kikabadilishwa mwenyewe wakiwa wamelala.

Na si lazima auze. Desemba 2024 kampuni ya Cyberhaven, ambayo biashara yake ni kulinda data za makampuni, mfanyakazi wao alipata barua pepe ya uongo inayojifanya imetoka duka la ekstensheni la Google, akabonyeza akatoa ruhusa, na siku ya Krismasi wezi wakatoa toleo jipya la ekstensheni kwa jina la kampuni hiyohiyo. Ilikuwa na watumiaji kama 400,000. Chrome ikasambaza lile toleo kama inavyosambaza apdeti yoyote halali.

Kwa hiyo unapouliza "huyu mtu namwamini?" unauliza nusu ya swali. Nusu nyingine ni yeyote atakayeshika ile akaunti baadaye, na huyo humjui na hata yeye mwenye ekstensheni hamjui.

## Kuna waliokuwa na hela na bado

Nilikuwa najisemea labda tatizo ni vitu vya bure. Ukilipia kampuni ya kweli yenye ofisi si inakuwa salama? Kwa sababu kutunza chati siyo wazo baya, mabenki ya Ulaya na Marekani yanalazimishwa na sheria zao kutunza mawasiliano ya kazi.

Ikabidi nisome habari ya TeleMessage.

Hawa walikuwa wanatengeneza apu ya kuchati ya Signal iliyobadilishwa, kwa macho ni Signal uliyoizoea, ila kila meseji inatumwa nakala kwenye ghala. Wateja wao ni makampuni na ofisi za serikali. Mwishoni mwa Aprili 2025 mpiga picha wa Reuters alimpiga picha Mike Waltz, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Marekani, yuko kwenye kikao cha mawaziri anachungulia simu chini ya meza, na kwenye skrini ikaonekana hiyo apu. Dunia ikaijua kwa siku moja.

Siku chache tu baadaye mdukuzi akaingia kwenye seva yao, na kwa maelezo yake ilimchukua kama dakika 15 au 20. Mlango wenyewe ulikuwa wa aibu: seva ilikuwa na ukurasa wa mafundi wa kuchota kila kilichopo kwenye kumbukumbu ya mashine kwa wakati huo, na ule ukurasa ulikuwa wazi mtandaoni bila paswedi. Ukichota unapata vipande vya chati zinazopita muda ule. Zikatoka meseji, majina na namba za watu, wakiwemo maafisa wa forodha na mipaka wa Marekani. Za Waltz hazikupatikana. Ila kampuni ilikuwa inatangaza kwamba chati zinafungwa kutoka kwenye simu mpaka ghalani, na mtafiti Micah Lee alipoichambua kodi akakuta seva yao inazisoma zikiwa wazi. Tarehe 5 Mei huduma ikasimamishwa.

Signal haikuvunjwa. Aliyetaka chati hakuhangaika nayo kabisa, alienda kwenye nakala.

Nikamsimulia shemeji, akakaa kimya, afu akasema, "Sasa shem, kama wale wakubwa wamepigwa, huyu wa dogo anakaa wapi?"

## Za kwenye simu

Nigusie na hizi maana kila nyumba ina mtu anayo, zile apu za kurudisha meseji zilizofutwa. Hazina uchawi. Zinaomba ruhusa ya kusoma notifikesheni, basi, meseji ikiingia zinainakili pale juu kabla mtu hajaifuta. Ndo maana grupu ulilozima sauti likanyamaza kabisa haliingii humo, chati uliyokuwa umeifungua haiingii, meseji ndefu inakatika, na simu ikiwa imezimwa hakuna kitu.

Ila ruhusa ile haichagui WhatsApp. Inasoma notifikesheni zote, mpaka ile ya salio la benki na, kwenye Android za kabla ya toleo la 15, ile ya namba ya siri ya mara moja ya kuthibitisha muamala. Mtu anatafuta meseji aliyofuta shosti yake, anampa mgeni macho ya kusoma OTP.

Na kwa simu za Android kuanzia toleo la 11 kitu hicho kipo humohumo, kinaitwa Notification history, unakiwasha kwenye mipangilio ya notifikesheni. Kinatunza saa 24 tu, lakini hakipeleki popote.

## Tulichofanya dukani

Utaratibu una maana hapa. Ukiondoa ekstensheni kwanza unakuwa umefunga mlango ukiwa umeacha vyombo nje. Kwa hiyo dogo alianza kwa kushusha chati zake zote kutoka kule, afu akafuta akaunti yake kwenye tovuti yao, ndipo tukaiondoa kwenye Chrome. Kisha kwenye simu ya duka, Linked devices, tukaitoa ile kompyuta na kuiunganisha upya, sababu kitu kilichokaa ndani ya ukurasa muda mrefu hivyo huwezi kujua kama kilichukua vitu vya kuingilia kwenye akaunti. Mwisho `myaccount.google.com/connections` kukata ile ruhusa ya jimeili.

Zilizokwenda zimekwenda. Kitufe cha kufuta akaunti ni ahadi, huwezi kwenda kuhakikisha. Na humo hakuna maneno ya duka tu, kuna wateja wanaotuma picha ya kitambulisho cha NIDA ili mzigo uandikwe jina lao, risiti za benki, mama mmoja wa Mwanza anaelezea msiba mpaka kwa nini anachelewa kulipa. Hao hakuna aliyewauliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mteja kupelekwa kwenye seva ya nje ya nchi bila yeye kujua siyo jambo inalolichekea.

Saivi wanatumia kilichomo ndani ya WhatsApp. Unafungua chati ya mteja, nukta tatu, More, Export chat, unachagua bila picha, inatoka faili la maandishi, linabeba mpaka meseji kama 40,000 za mwisho, ukitaka na picha zinashuka kama 10,000. Ni chati moja moja na dogo analalamika inachosha. Ni kweli inachosha, na meseji iliyoshafutwa hairudi. Bekapu ya Drive nayo wamewasha ile ya kufungwa kwa paswedi, maana bila kuiwasha mwenyewe inakaa bila kufuli hilo, na paswedi imeandikwa kwenye daftari la mauzo kwa sababu ikipotea hata WhatsApp hawakurudishii.

Halafu wakabadili kitu kidogo kinachosaidia kuliko vyote. Mteja akitaja oda, dogo anaiandika upya kwa meseji yake mwenyewe: rangi namba fulani, jora ngapi, bei, jumla, "thibitisha". Hiyo ya dogo mteja hawezi kuifuta kwa wote. Akijibu ndio afu akafuta ndio yake, oda bado imebaki na kovu la kufuta linaonekana chini yake.

## Na ushahidi je

Maana shemeji kilichokuwa kinamuuma ni hicho, siku ya ugomvi aonyeshe nini.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila ukiupima wanaangalia ulitengenezwa na kutunzwaje, uzima wake umelindwaje, na aliyeutuma anatambulikaje. Sasa chukua orodha ya ile ekstensheni: imepita kwenye kodi ya mtu usiyemjua, yenye ruhusa iliyoandikwa kabisa kwamba inaweza kubadilisha. Wakili wa upande wa pili anauliza swali moja tu. Hata faili la Export ni maandishi, Notepad inalibadili kwa dakika moja, skrinishoti ndo usiseme.

Kilicho na nguvu ni simu yenyewe, chati ikiwa mahali pake, na simu ya pili ya yule mteja. Kwa hiyo nilimwambia shemeji, huku ana mpango wa kuiuza ile Samsung ya duka anunue mpya, asiiuze wala kuiriseti kabla suala la Songea halijaisha. Hajafurahi, mnunuzi alishampata.